Mashine Ikiandika ERROR Haijasema Kwamba Huna TB

Karatasi ya majibu ya mashine ya GeneXpert inaweza kuja na maneno ya aina mbili. Aina ya kwanza inamhusu mgonjwa: vimelea vya kifua kikuu vimeonekana au havikuonekana, na vikionekana, kama kuna dalili kwamba vimezoea dawa ya rifampisini. Aina ya pili haimhusu mgonjwa hata kidogo. Inahusu kipimo chenyewe, kwamba kiliishia njiani, au kilifika mwisho lakini hakiaminiki. Maneno ya aina hii ya pili ni matatu: ERROR, INVALID na NO RESULT. Yakipita mikononi mwa mtu asiyeyajua, hugeuka kuwa "hakuna TB", na mgonjwa hurudi nyumbani Kilolo, Mufindi, Rungwe au Chunya akiwa na dawa ya kikohozi huku familia nzima ikiendelea kuvuta hewa anayoitoa.

Ushauri huu ni wa watu wawili. Wa kwanza ni mgonjwa na ndugu zake, wanaoshika kikopo na baadaye karatasi. Wa pili ni muuguzi wa zahanati au mtaalamu wa maabara wa kituo kidogo, ambaye mara nyingi yuko peke yake na mashine.

Nyanda za Juu Kusini zina historia na mashine hii. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo hiki Desemba 2010, na tayari mwaka 2011 watafiti wa kituo cha NIMR cha Mbeya walichapisha matokeo ya kukijaribu kwa wagonjwa wa hapa hapa, wengi wao wakiishi na virusi vya Ukimwi. Kati ya watu ambao kuotesha vimelea kulithibitisha kuwa wana TB, mashine iliwakamata karibu tisa kati ya kila kumi. Lakini kwa wale ambao hadubini ilikuwa haijaona kitu, mashine iliwapata takriban sita kati ya kumi. Naomba msomaji aikumbuke namba hii ya pili. Inatuambia kwamba hata jibu safi la "hakuna" halifuti shaka yote kwa mtu anayekonda, anayetoka jasho usiku na anayeendelea kukohoa. Ikiwa jibu safi lina mpaka wake, jibu ambalo halikupatikana haliwezi kuwa na uzito wowote.

Ili kuelewa kwa nini mashine hukataa kujibu, tuangalie kinachofanyika ndani ya katriji. Katriji ni kijisanduku cha plastiki kinachotumika mara moja na kutupwa. Makohozi yakishalainishwa hutiwa ndani yake, kisha mashine huyasukuma kwa bomba dogo la sindano kupitia chujio linalonasa vimelea. Vimelea huoshwa, hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti, na DNA inayotoka huchanganywa na vitendanishi vikavu vilivyomo humo humo. Mchanganyiko husukumwa hadi kwenye kijimrija chembamba kilichojitokeza nyuma ya katriji, na hapo hupashwa moto na kupozwa tena na tena ili DNA ya vimelea, kama ipo, izidishwe hadi ionekane. Sehemu moja inayotafutwa ni kipande cha jeni iitwayo rpoB, ambacho kikibadilika, rifampisini hushindwa kufanya kazi yake. Katriji ya Ultra, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, inatafuta pia sehemu nyingine zinazojirudia mara nyingi ndani ya kimelea, na ndiyo maana inakamata vimelea vichache zaidi kuliko katriji ya mwanzo.

Waliotengeneza katriji waliweka humo walinzi wawili, na maneno ERROR na INVALID kwa sehemu kubwa ni sauti za walinzi hao. Mlinzi wa kwanza hufanya kazi kabla DNA haijaanza kuzidishwa. Hukagua kama vitendanishi vimelowa sawasawa, kama kijimrija kimejaa, na kama rangi zinazotoa mwanga ziko sawa. Asiporidhika, kipimo husimama na skrini huandika ERROR. Mlinzi wa pili ni spora za bakteria asiye na madhara, zilizowekwa ndani ya kila katriji kiwandani. Spora hizo hupita njia ile ile inayopitwa na vimelea vya TB: hunaswa, huoshwa, hupasuliwa, DNA yake huzidishwa. Mwisho wa safari mashine ikiziona, inajua kwamba hata kimelea cha TB kama kingekuwepo kingeonekana. Isipoziona, huandika INVALID.

Hapa kuna jambo ambalo hata wahudumu wengine hulipita haraka. Mashine ikikuta TB, haijali tena kama spora zilionekana au hapana, kwa kuwa TB yenyewe imethibitisha kwamba njia ilikuwa wazi. Kwa hiyo INVALID hutokea tu pale ambapo TB haikuonekana na spora nazo hazikuonekana. Mtu anaweza kushawishika kusema, "Basi si ni hapana tu?" Sivyo. Njia ilikuwa imeziba, na hakuna ajuaye kilichokuwa upande wa pili. Kuandika "hasi" kwenye daftari kwa sababu ya INVALID ni kuandika kitu ambacho mashine imekataa kukisema.

Sasa turudi kwenye kikopo, kwa sababu matatizo mengi ya skrini huanzia hapo.

Kinachotakiwa ni makohozi yaliyotoka ndani kabisa ya kifua. Mate hayafai. Ya asubuhi, kabla ya kula, ndiyo bora, kwa kuwa usiku kucha yamekusanyika. Mgonjwa asukutue mdomo kwa maji ili mabaki ya chakula yatoke, asimame mahali pa wazi penye hewa, mbali na watu wengine, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kwa nguvu kutoka chini. Muuguzi asione haya kumwonyesha. Neno moja la upole, "Mama, vuta pumzi mpaka tumbo litoke, halafu ukohoe kutoka huko," linafaa kuliko fomu nzima ya maelezo. Kiasi cha chini kabisa ni mililita 1, lakini ni vizuri kupata 3 hadi 5, ili pakitokea tatizo pawe na cha kurudia. Kikopo kifunikwe kwa kukazwa, na jina na namba viandikwe ubavuni mwa kikopo. Visiandikwe kwenye kifuniko, maana maabara vifuniko vya watu wawili hubadilishana kwa urahisi sana.

Sampuli yenye punje za ugali, masalia ya muwa au vipande vigumu vyovyote inarudishwa. Sampuli yenye damu nyingi nayo ina hatari zake, kwa sababu damu inaweza kuzuia DNA isizidishwe, na hiyo ni njia moja ya kufika INVALID. Mate matupu yana tatizo la namna nyingine: hupita vizuri, spora huonekana, na mashine hujibu kwa utulivu kwamba TB haikuonekana, wakati kilichopimwa hakikutoka kifuani. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa zaidi, kwa sababu hakuna mlinzi ndani ya katriji anayeweza kuliona. Ni macho ya anayepokea kikopo tu.

Kutoka zahanati ya kijijini hadi kwenye mashine, sampuli inaweza kusafiri siku moja au mbili kwa pikipiki au basi. Ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kila inapowezekana. Isipowezekana, inaweza kuvumilia hadi nyuzi 35 kwa siku zisizozidi 3. Wakati wa baridi katika Mufindi au kwenye miinuko ya Rungwe joto la njiani si tatizo kubwa, lakini kikopo kilichoachwa mchana kutwa kwenye dashibodi ya gari linalopanda kutoka bonde la Ruaha ni jambo jingine.

Maabara, sehemu moja ya makohozi huongezwa sehemu mbili za kitendanishi kinachoitwa SR. Makohozi mililita 1 hupata SR mililita 2. Kikopo hufungwa, hutikiswa kwa nguvu mara 10 hadi 20, huachwa dakika 10, hutikiswa tena vilevile, kisha huachwa dakika 5 nyingine. Baada ya robo saa hiyo mchanganyiko unapaswa kutiririka kama maji, bila utelezi unaovutika na bila mabonge. Ndipo mililita 2 huvutwa kwa pipeti hadi kwenye alama yake na kutiwa ndani ya katriji polepole, bila mapovu. Katriji haitikiswi, haipinduliwi, na kile kijimrija cha nyuma hakiguswi kwa vidole.

Hatua ya robo saa ndiyo inayoibwa dakika pale foleni inapokuwa ndefu. Na katika mikoa yetu kuna adui wa ziada. Mashine yenyewe imetengenezwa kufanya kazi kwenye chumba chenye nyuzi 15 hadi 30. Asubuhi za Juni na Julai, chumba cha maabara kisicho na kipasha joto kinaweza kuwa chini ya hapo, na makohozi mazito huchelewa kulainika kwenye baridi. Ushauri wangu ni chumba kipashwe joto kwanza, kazi ianze baadaye kidogo, na mchanganyiko ambao bado unavutika baada ya dakika 15 utikiswe tena kabla ya kuguswa na pipeti.

Mtaalamu asiyefuata haya ataonyeshwa na namba zinazofuata neno ERROR. Zipo nyingi, lakini chache ndizo zinazorudi kila mara. Error 2008 maana yake shinikizo ndani ya bomba la sindano limepita kiwango: mchanganyiko ulikuwa mzito, au kuna punje iliyoziba chujio. Error 5006, 5007 na 5008 ni za yule mlinzi wa kwanza, na mara nyingi huonyesha kwamba kilichotiwa kwenye katriji kilikuwa pungufu au kizito mno, au katriji ilishikwa vibaya. Error 5011 ni kupotea kwa ishara ya mwanga wakati DNA inazidishwa, na hiyo huweza kutoka kwenye katriji au kwenye mashine. Error 2127 ni kukatika kwa mawasiliano kati ya kompyuta na moduli, yaani kile chumba kimojawapo cha mashine kinachobeba katriji. Umeme unaoyumba ni mshukiwa wake wa kwanza.

NO RESULT ni rahisi kuliko yote. Kipimo kilikatizwa kabla ya kukusanya taarifa za kutosha: umeme ulikatika na betri ya UPS haikuhimili, au mtu alisimamisha kazi. Kipimo kinachukua zaidi ya saa moja, kwa hiyo betri inayodumu dakika 20 haikiokoi.

Katika hali zote tatu hatua ni ile ile, kurudia kwa katriji mpya. Iliyokwisha kuingia kwenye mashine haitumiki tena. Kama makohozi ghafi yamebaki, huandaliwa upya kwa SR mpya. Kama kilichobaki ni mchanganyiko uliokwisha kutiwa SR, unaweza kutumika iwapo bado uko ndani ya saa chache zilizotajwa kwenye mwongozo wa katriji. Kisichoruhusiwa ni kuongeza SR zaidi ili kiasi kitoshe. Kufanya hivyo kunapunguza vimelea kwenye kila tone, na mgonjwa mwenye vimelea vichache anaweza kukosekana.

Chukua mgonjwa wa mfano. Mama wa makamo anachuma chai Mufindi, amekohoa mwezi mzima, hajawahi kutumia dawa za TB. Jumatatu alasiri, baada ya chakula, anatoa makohozi ya mililita 1 hivi, yanayovutika. Jumanne sampuli inafika hospitali yenye mashine, saa mbili asubuhi, chumba kikiwa baridi. Inachanganywa, inatikiswa mara moja tu, inatiwa kwenye katriji. Muda mfupi baadaye skrini inaandika Error 2008.

Mtaalamu anatazama kilichobaki kwenye kikopo. Ni mililita 1 ya mchanganyiko, na katriji inahitaji 2. Anayo njia ya mkato, kuongeza SR, na anayo njia sahihi, kupiga simu zahanati. Anapiga. Muuguzi anampelekea mama kikopo kipya na maelezo: asukutue, atoe alfajiri kabla ya chai. Jumatano zinakuja mililita 4. Safari hii robo saa inaheshimiwa yote, na majibu yanasomeka hivi:

```
MTB DETECTED LOW; RIF Resistance DETECTED
```

TB ipo, kwa wingi wa chini, na kuna dalili ya usugu wa rifampisini. Kwa kuwa mama huyu hajawahi kutibiwa na hakuna anayemjua mwenye TB sugu, mwongozo wa kimataifa unataka sampuli nyingine mpya ipimwe, maana kwa watu wasio na hatari kubwa ya usugu dalili hiyo inaweza kuwa ya uongo. Alhamisi inapimwa nyingine, na jibu ni lile lile. Sasa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya anaarifiwa, sampuli ya kuotesha vimelea na kupima dawa nyingine inatumwa, na mama anaanzishiwa njia ya matibabu ya TB sugu, kwa kuwa vimelea vinavyoshinda rifampisini mara nyingi vinashinda na isoniazidi. Kama ile ERROR ya Jumanne ingeandikwa "hasi", mama huyu angerudi kwenye mistari ya chai na vimelea sugu kifuani.

Yapo majibu mawili mengine yanayochanganywa na ERROR ingawa si ndugu zake. RIF Resistance INDETERMINATE maana yake TB imeonekana, lakini vimelea ni vichache mno kuweza kusema lolote kuhusu rifampisini. Na katriji ya Ultra huandika MTB DETECTED TRACE inapoona chembe ndogo sana za DNA ya kimelea. Kwa mtoto au mtu anayeishi na VVU, TRACE huchukuliwa kuwa TB na matibabu huanza. Kwa mtu aliyemaliza dawa za TB miaka michache iliyopita, daktari anapaswa kutulia kwanza, kwa kuwa mashine huona hata DNA ya vimelea vilivyokufa. Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa aliye katikati ya matibabu hafuatiliwi maendeleo kwa mashine hii. Hufuatiliwa kwa hadubini au kwa kuotesha vimelea.

Kwa wenye mashine, nina ombi moja la kazi. Kila ERROR, INVALID na NO RESULT iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, namba ya kosa, moduli, jina la aliyeandaa, toleo la katriji na kituo kilicholeta sampuli. Makosa ya aina ya ERROR yanatakiwa kuwa chini ya asilimia 3 ya vipimo vyote, na INVALID chini ya asilimia 1. Yakizidi, daftari litasema chanzo. Yakijikusanya kwenye moduli moja, moduli hiyo inahitaji fundi au kukaguliwa upya usahihi wake, kazi inayopaswa kufanyika kila mwaka hata bila tatizo. Yakifuata sampuli za zahanati moja, tatizo ni namna makohozi yanavyokusanywa kule, na muuguzi wake anahitaji kutembelewa. Yakiwa ya mtu mmoja, aelekezwe upya. Yakianza siku boksi jipya lilipofunguliwa, tazama lilihifadhiwa wapi, kwa kuwa katriji zinataka nyuzi 2 hadi 28. Na kwa vituo vya barabara za vumbi, kama za Chunya, chujio la feni lisafishwe mara kwa mara, vinginevyo mashine itapata joto na kuanza kulalamika yenyewe.

Nawe uliyepewa karatasi, isome kabla hujaondoka. Ukiona ERROR, INVALID au NO RESULT, mwambie mhudumu, "Kipimo hiki hakijakamilika, naomba kikopo kingine." Kupimwa na kutibiwa TB katika vituo vya serikali ni bure, na hata kurudia kipimo hakukugharimu zaidi ya nauli. Omba utajiwe siku ya kuleta makohozi mapya na siku ya kuchukua majibu, acha namba ya simu inayopatikana, na mpaka jibu kamili litoke, funika mdomo unapokohoa na ulale chumba chenye dirisha lililo wazi, hata kama Mbeya usiku ni baridi.